Majibu yapo au hayapo? Data za kahawa Moshi

"Wakuu, nina data za wakulima wa kahawa hapa Moshi. Nitumie ujifunzaji wa mashine unaosimamiwa au usiosimamiwa?"

Mkuu, angalia kwanza kama data zako zina majibu. Ukiwa na picha za majani, na bwana shamba ameandika kwenye kila moja "kutu" au "zima", huo ni unaosimamiwa: mashine inajifunza kutokana na majibu hayo, kisha inakisia picha mpya. Tenga baadhi ya mashamba, pamoja na picha zake zote, kwa ajili ya kuipima mashine. Picha za mti mmoja zikiingia kwenye mafunzo na kwenye jaribio, alama zitapanda kwa uongo, halafu shambani itakuangusha.

Kama una kilo za kila mkulima na mwinuko wa shamba lake tu, bila jibu lolote, tumia usiosimamiwa. Algoriti ya k-means itawagawa kwa ukaribu wa namba zao. Idadi ya makundi unaichagua wewe. Hapa wengi wanateleza: mwinuko ukitofautiana kwa mamia ya mita na kilo kwa makumi tu, mwinuko utazimeza kilo. Sawazisha vipimo kwanza, ili mwinuko na kilo viwe na uzito sawa. Makundi yakitoka hayana majina, kwa hiyo kaa na watu wa chama cha msingi wakuambie kama yana maana.