Umesifiwa, sasa useme nini? Maswali yenu na majibu

Niliandaa ripoti ya mwaka ya mradi wetu wa maji. Mkurugenzi akanisifu kikaoni mbele ya wote, nikajibu, "Hamna kitu bosi, kazi ndogo tu ile." Juzi kanipa ripoti nyingine mbili, nizimalize kwa wiki moja, eti kwangu ni kazi ndogo. Ningejibuje? — Afisa mradi, Dodoma

Mkurugenzi wako hajakuonea, amekuamini tu. Wewe ndiye uliyempa bei ya kazi yako, tena mbele ya mashahidi.

Kilichokubana pale kikaoni kinajulikana. Mwaka 1978 mtafiti wa mazungumzo wa Marekani, Anita Pomerantz, alieleza kwamba anayesifiwa huwa amebanwa na mambo mawili yanayovutana. Adabu inamtaka akubaliane na anayezungumza naye, na adabu hiyo hiyo inamkataza kujisifu. Akisema "ndiyo, ripoti ni nzuri," amejisifu. Akisema "hapana, si nzuri," amempinga aliyemsifu. Ndiyo maana watu wengi hutafuta uchochoro katikati: hucheka, hupunguza, au humtupia sifa mtu mwingine.

Wewe ulichagua kupinga. Ulidhani unajishusha, lakini waliokusikia waliambiwa kwamba mkurugenzi hajui kupima kazi. Naye, kwa kuwa ni mtu mzima, akaamua kukuamini wewe kuliko macho yake.

Jibu linalotosha lina shukrani, kisha jambo moja la kweli kuhusu kazi yenyewe, halafu unanyamaza. Kwa ripoti yako lingekuwa hivi: "Nashukuru mkurugenzi. Kilichonichukua muda ni takwimu za vituo vya maji, maana daftari za vijijini zilikuwa hazilingani na za ofisini. Ilibidi tupige simu kijiji kwa kijiji." Hapo hujasema wewe ni hodari. Umesema ulichofanya, na bosi sasa anajua kwamba kazi hiyo ina simu nyingi na siku nyingi. Akitaka kukupa nyingine, ana kipimo mkononi.

Tofauti ya jibu hilo na majivuno utaisikia kwenye maneno yenyewe. Mtu anayeeleza kazi husema nilipiga simu, nililinganisha, nilirudia hesabu. Mwenye majivuno hujieleza mwenyewe ("mimi ni mtu wa umakini sana") au hujipima na wenzake ("wengine wangeshindwa"). Angalia na urefu. Sentensi mbili baada ya shukrani zinatosha. Ukifika ya tano, hata kama kila neno ni kweli, watu wameshaanza kuangalia simu zao.

Kuhusu hizo ripoti mbili, usikae nazo. Nenda ofisini kwake leo umwambie: "Mkurugenzi, ile ya kwanza niliiita ndogo kwa kuona haya. Ukweli ni kwamba takwimu peke yake zilinichukua siku kadhaa. Kwa hizi mbili naomba muda zaidi, au nipewe mtu wa kunisaidia upande wa takwimu." Mtajie idadi halisi ya siku ulizotumia, bila kuongeza hata moja.

Nikiambiwa "umependeza" mdomo wangu unasema wenyewe "aa, mtumba tu huu, elfu tano." Dada yangu anasema naboa. Je, ni kweli? — Msomaji wa Ilala

Dada yako ana haki nusu. Mtumba si tatizo, na bei si siri. Tatizo ni hilo "tu." Mwenzako ameliangalia gauni, akalipenda, akaamua kukwambia, wewe unamrudishia kwamba amependa kitu kisicho na maana. Wengine hulazimika kukusifu mara ya pili ili kukubembeleza: "Hapana jamani, kweli umependeza!" Ukiyafanya hayo kila siku, watu huanza kuhisi unaitafuta hiyo mara ya pili.

Habari ile ile isemwe bila kulipunguza gauni: "Ahsante! Nimelipata Karume, fundi akalibana kidogo kiunoni." Sasa umempa kitu cha kuzungumza. Atauliza ni meza ya nani, fundi yuko wapi, na mazungumzo yanahama kutoka mwilini mwako kwenda sokoni. Ukiwa mwenye haya, huo ndio mlango wako wa kutokea.

Mtu akiniambia nimenenepa, nimshukuru? — Bila jina

Inategemea nani kasema. Bibi yako akisema "umenawiri," mwambie "nashukuru bibi, nipo salama," kwa sababu anachokuambia ni kwamba huonekani na shida. Mwenzako wa ofisini akikuangalia tumbo huku anacheka, hiyo si sifa na haidai shukrani. "Nipo," kisha endelea na kazi.

Nina mtoto wa miezi minane, mnene mzuri. Watu wananisifia bila kusema mashallah, nami naogopa husuda. Huwa nasema, "Huyu? Mbaya huyu, msumbufu!" Mama mkwe amenikataza. — Mama Nasra, Tanga

Mama mkwe yuko sawa, ingawa hofu yako naielewa, na siiti ujinga. Wasiposema mashallah, iseme wewe, kwa sauti, kama sehemu ya jibu: "Mashallah, ahsante. Tuombee Mungu atukuzie." Hapo umepokea, umemkinga mtoto kwa namna unayoiamini, na umemkumbusha mgeni neno lake bila kumwaibisha. Mara nyingi atalidaka mwenyewe: "Ee, mashallah!"

Miezi minane bado haelewi. Miaka mitatu ataelewa, na neno "mbaya huyu" litakuwa limeshazoea mdomo wako.

Wakisifu pilau yangu nasema "ni Mungu tu." Rafiki yangu anasema hiyo ni kukwepa. Mimi naona ndiyo imani. — Mpishi wa shughuli, Mombasa

Vyote viwili vinawezekana, na mpangilio ndio unaoamua. "Ahsante, alhamdulillahi" ni kupokea: umemshukuru aliyekula, na umemshukuru aliyekuwezesha. "Ni Mungu tu," peke yake, huku umeshageuka unaelekea jikoni, humwacha mgeni akiwa amesimama na sahani mkononi. Mungu hashindani na mgeni kwa shukrani, una nafasi ya wote wawili.

Ila kwa mpishi wa shughuli nitaongeza la biashara. Mgeni anayesifu pilau huenda ana harusi mwezi ujao. Ukimwambia "ahsante, vitunguu nimevikaanga taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawa, ndivyo wali ulivyopata rangi," amejua kwamba aliyepika ni wewe na unajua unachofanya. Kupiga debe hakuna hapo, na namba yako ataiomba mwenyewe.

Niko Marekani, nahudumia wazee. Wenzangu hapa wanasifu kila kitu: viatu, nywele, hata chupa ya maji! Nikikataa wananishangaa, nikikubali najiona nimebadilika tabia. — Msomaji wa Minnesota

Kule sifa nyingi zinafanya kazi ya salamu. Anayesifu viatu vyako kwenye lifti anafungua mdomo tu, kama sisi tunavyoulizana habari za asubuhi. Sifa ya namna hiyo inataka "ahsante" na tabasamu, basi. Ukimweleza kwamba viatu ni vya zamani na vinabana, umempa mzigo ambao hakuuomba. Jibu refu lenye maelezo liweke kwa sifa ya kazi, kwa mfano msimamizi akikusifu kwa namna ulivyomtuliza mzee aliyekataa dawa. Hapo mweleze ulichofanya, maana zamu ijayo mwenzako atakihitaji.

Kuhusu kubadilika, usijisumbue. Rong Chen, mtaalamu wa lugha, aliwahi kulinganisha majibu ya Wamarekani na ya Wachina wa mji wa Xi'an, akachapisha matokeo yake mwaka 1993. Wachina kwa sehemu kubwa walikuwa wanakataa sifa na kujishusha. Utafiti ulirudiwa katika mji ule ule, matokeo yakatoka mwaka 2010, na safari hii wengi walikuwa wanapokea. Hakuna aliyehama nchi. Kama mji mzima unaweza kubadilika bila kuacha kuwa wa Wachina, wewe unaweza kusema "ahsante" Minnesota, kisha ukirudi kwenu ukajibu kama kwenu.

Nasifiwa kwa kazi aliyofanya mwenzangu. Nikisema si yangu, watu wanadhani najishusha. — Katibu wa kamati ya harusi

Hapo acha unyenyekevu, toa jina. "Ahsante. Mapambo ni ya Rehema, mimi nilishika michango." "Tulisaidiana wote" haitoshi, maana Rehema humo haonekani. Jina likitajwa pamoja na kazi yake, hakuna atakayedhani unajishusha.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wanaanza: "Fundi, Mwanza nzima hakuna kama wewe!" Halafu wanataka gauni la elfu thelathini na tano kwa elfu kumi na tano. Nikipokea sifa, nashindwa kukataa bei. — Fundi, Mwanza

Wahenga walimwonya mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Kwako wewe mambo yamegeuka: anayetaka tembo liwe jepesi ni mnywaji, na anakusifu kwa ajili hiyo.

Dalili ya sifa ya aina hii ni mbili. Haina kitu ndani: mteja hasemi ni mshono gani aliupenda, ni mikono au ni kola. Halafu ombi linafuata kabla hujamaliza kusema ahsante. Anayesifu kweli hutaja kitu: "Ile mikono ya puto uliyonishonea, haijalala mpaka leo."

Kosa ni kuona kwamba sifa na bei ni kitu kimoja, kwamba ukipokea ya kwanza unadaiwa ya pili. Zitenganishe kwa pumzi mbili. "Ahsante mama, nashukuru." Nyamaza, shika futi, anza kupima. Kisha: "Gauni la mikono ya puto na bitana ni elfu thelathini na tano. La bila bitana naweza kukufanyia kwa elfu ishirini na nane." Umempa njia ya kupunguza kwa kupunguza kazi, si kwa kupunguza jasho lako. Usiseme "kwa kuwa umenisifu," hata kwa utani, maana kesho atakuja na mashoga zake watatu, wote wakiwa na sifa tayari.

Akikusifu tena baada ya kusikia bei, mshukuru tena, na urudie bei ile ile.