Piano haichori picha za maneno: jibu kwa mwanafunzi anayechambua Dichterliebe

Swali: «Ninaandika insha ya uchambuzi kuhusu Dichterliebe, mfululizo wa nyimbo za mwimbaji na piano ambao Schumann aliutunga kwa mashairi ya Heine, na mada yangu ni uhusiano wa shairi na piano. Nimetengeneza jedwali: neno la shairi upande mmoja, na kile ambacho piano inafanya upande wa pili, kwa mfano machipukizi na noti zinazopanda. Msimamizi wangu amesema huo si uchambuzi. Nimekosea wapi?»

Jibu: Msimamizi wako amesema kweli, na jedwali kama lako ninaliona kila muhula. Nimesindikiza waimbaji wa nyimbo hizi kwa miaka mingi na nimesahihisha insha nyingi kuzihusu, na kosa linalojirudia kuliko yote ni kuichukulia piano kama mchoraji aliyeajiriwa kufuata maneno: ndege wakitajwa, piano ilie kama ndege, machozi yakitajwa, idondoke. Anayesoma hivyo hawezi kuona jambo ambalo piano hufanya mara nyingi zaidi katika mfululizo huu, nalo ni kusema yale ambayo mshairi ameyanyamazia.

Tuanze na wimbo wa kwanza, ule wa mwezi wa Mei, kwa sababu ndio unaolivunja jedwali lako upesi zaidi. Shairi la Heine lina beti 2 za mishororo 4. Katika ubeti wa kwanza machipukizi yanafunguka na mapenzi yanachipua moyoni. Katika ubeti wa pili ndege wanaimba, na msemaji anasema kwamba alimkiri yule mwanamke shauku na hamu yake. Sasa linganisha muziki wa beti hizo mbili. Ni uleule, karibu noti kwa noti. Ikiwa kodi za piano, yaani makundi ya noti, ambazo hapa zimevunjwavunjwa na kupigwa noti mojamoja, ni machipukizi katika ubeti wa kwanza, zimegeukaje kuwa ndege katika wa pili, na kukiri mapenzi mwishoni? Hili ndilo jaribio la kwanza ambalo dai lolote la aina hii lazima livuke: ukibadilisha maneno na muziki ukabaki vilevile, basi dai lako halikuwa juu ya neno hilo.

Sasa liache jedwali kando na ulisome shairi peke yake, bila noti. Utaona mambo mawili ambayo mwanafunzi aliyekimbilia piano huyapita. La kwanza ni kwamba vitenzi vyote viko katika wakati uliopita. Anayesema haishi tena katika Mei hiyo, anaikumbuka. La pili ni kwamba anatuambia alimkiri yule mwanamke hamu yake, kisha shairi linakoma. Jibu la mwanamke halitajwi. Shairi limeacha pengo, na uchambuzi wako unapaswa kuanzia hapo.

Rudi kwenye noti. Wimbo una alama ya shapu 3, kwa hiyo unaweza kuwa wa A meja au wa F-shapu maina. Piano inaanza peke yake kwa baa 4, ikienda na kurudi kati ya kodi mbili: B maina, ambayo D yake iko chini, kisha kodi ya C-shapu yenye noti ya saba, ambayo ni dominanti ya F-shapu. Kodi hii ya pili inadai kutua kwenye F-shapu maina. Haitui. Inarudi ilikotoka, inakuja tena, na kabla haijajibiwa mwimbaji anaingia na wimbo unageukia A meja, ambako mishororo miwili ya kwanza inapata kituo safi kabisa. Mishororo miwili inayofuata inapandisha sauti kupitia B maina kuelekea D, yaani mbali na utulivu huo, mapenzi yanapotajwa. Kisha mwimbaji ananyamaza, na piano inarudia baa zake za mwanzo kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Baada ya ubeti wa pili zinarudi tena, na safari hii wimbo unaishia hapo, juu ya ile dominanti ya C-shapu, na noti ya saba, B, ikining'inia juu. F-shapu maina iliyosubiriwa tangu baa ya kwanza haikupigwa hata mara moja. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa piano na si mwimbaji, alipofika kwenye kodi hiyo ya mwisho aliachia, akatulia kidogo, kisha mkono wake wa kushoto ukateremka wenyewe na kugusa F-shapu. Aliomba radhi akidhani amekosea. Nilimwambia aandike jambo hilohilo katika insha yake: sikio lake lilidai kituo ambacho mtunzi alikizuia kwa makusudi.

Hapo unaweza kuandika sentensi ya kiuchambuzi ambayo msimamizi ataikubali. Sauti ya mwimbaji iko ndani ya kumbukumbu tamu, na vituo vyake katika A meja vinathibitisha hivyo. Piano iko katika wakati wa kusimulia, ikijua tangu kabla ya neno la kwanza kwamba ombi halikujibiwa, na ndiyo maana muziki wake haupati jibu. Hata wimbo wa pili haulipi deni hilo waziwazi: unaanza kwa sauti chache ambazo zingeweza kusomeka kama F-shapu maina au kama A meja, na kituo chake kinakuwa A. Angalia kwamba katika maelezo haya yote sikuhitaji machipukizi wala ndege.

Mfano wa pili unao nguvu zaidi, nao unahitaji uzisome nyimbo mbili kwa pamoja. Katika wimbo wa 12 mtu anatembea bustanini asubuhi ya kiangazi. Maua yananong'ona na kusema. Yeye anatembea kimya. Yanamtazama kwa huruma na kumwomba asimkasirikie dada yao, yaani mpenzi aliyemwacha. Shairi linaishia kwenye ombi hilo, na yeye hajibu. Piano peke yake ndiyo inayoendelea, kwa hitimisho refu la upole katika B-flati meja.

Nyimbo 4 baadaye, katika wimbo wa mwisho, mshairi anataka kuzizika nyimbo na ndoto zake mbaya. Analiagiza jeneza kubwa kuliko pipa mashuhuri la Heidelberg, machela ndefu kuliko daraja la Mainz, na majitu 12 ya kulitupa baharini. Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu ameweka humo mapenzi yake na maumivu yake. Hapo maneno yanakwisha. Ukiwa na shairi peke yake, umesoma mazishi yenye kejeli kali, na hakuna mstari hata mmoja unaosema amesamehe. Lakini piano inatoka kwenye C-shapu maina, inaingia D-flati meja, ambayo kwenye kinanda huanzia kibonye kilekile cheusi, na inaleta tena hitimisho la wimbo wa 12, kisha inalipeleka mbele zaidi ya pale lilipoishia mwanzoni. Muziki uliofuata mara moja ombi la maua umerudi bila maua na bila maneno. Mtu aliyekuwa kimya bustanini amejibiwa kwa niaba yake.

Lidai hilo kwa kiasi chake. Kurudi kwa muziki ni jambo la hakika, kila msomaji wa noti analiona. Kwamba kurudi huko ni msamaha, hiyo ni tafsiri yako, na unaijengea hoja kwa kuonyesha muziki huo ulizaliwa karibu na maneno gani. Unaweza kuitia nguvu kwa historia ya maandishi: Schumann alitunga nyimbo 20 mwezi Mei 1840, akizikamilisha siku za mwanzo za Juni, lakini zilipochapishwa mwaka 1844 zilibaki 16. Mbili kati ya zilizoondolewa zilikuwa zimefuata mara tu baada ya wimbo huu wa bustanini. Kuondolewa kwake kumeisogeza kumbukumbu karibu na chanzo chake, hata kama hatuna haja ya kusema kwamba hilo ndilo lilikuwa lengo la mtunzi.

Hadi hapa nimezungumza na wewe. Yanayofuata ninayasema kwa kila anayeandika insha ya aina hii, kwa sababu njia za mkato zimekuwa nyingi na zinauzwa.

Kuna majedwali yanayozunguka yakidai kwamba kila ufunguo una hisia yake: maina ni huzuni, C meja ni usafi, na kadhalika. Yachane. Wimbo wa 7, ambamo msemaji anashikilia kwamba hana kinyongo ingawa moyo unapasuka, uko katika C meja, na piano inagonga kodi nzito mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, huku Schumann akilirudia tamko hilo mara nyingi kuliko Heine. Jedwali la hisia haliwezi kukuambia lolote juu ya mtu anayerudia kukana jambo huku ngumi zikigonga meza. Wapo pia wanaoeleza kila kitu kwa ndoa ya mtunzi na Clara ya tarehe 12 Septemba 1840. Furaha ya mchumba haielezi kwa nini alichagua mashairi ya mtu aliyeachwa, wala kwa nini kodi ile ya wimbo wa kwanza haikutua. Na wale wanaokuandikia insha kwa malipo huchanganya njia hizi mbili, wakaongeza jedwali kama lako, kisha wakakuacha wewe mbele ya msimamizi anayekuuliza baa ya ngapi.

Kazi yenyewe haina siri. Nakili shairi kwa mkono wako kutoka Kijerumani, pamoja na tafsiri ya neno kwa neno, si tafsiri ya kuimbika iliyopinda maana ili vina vipatane. Weka alama kwa anayesema, anayeambiwa, wakati wa kitenzi, na jambo lisilosemwa. Kisha funika mstari wa mwimbaji na upige piano peke yake, ukiandika namba za baa ambamo inasikika bila sauti ya mtu. Katika jedwali lako bakiza safu za mahali hapo tu. Zilizobaki nyingi zitaanguka zenyewe.

Kabla ya hayo yote, tazama ni nakala gani uliyo nayo. Noti nyingi zinazopatikana bure zimeshushwa kwa ajili ya sauti nzito, na mara nyingine kila wimbo umeshushwa kwa kipimo chake, kwa hiyo uhusiano wa funguo kati ya wimbo mmoja na mwingine umeharibika kabla hujaanza kuuchambua. Fungua wimbo wa kwanza. Usipoona shapu 3 mwanzoni mwa mstari, tafuta nakala ya sauti ya juu ndipo uendelee.