Umeme ukirudi, usikimbilie swichi ya friza

Juzi dada mmoja wa Lindi aliniandikia: "Kaka, umeme ukikatika na kurudi, friza yangu inanguruma kidogo, inalia tik, inanyamaza. Baada ya muda inarudia tena. Ni nini?" Dada yangu, kachomoe waya kwanza, ndipo uendelee kusoma. Mlio huo mimi niliusikia nikauacha, na mpaka leo unaniuma.

Nauza samaki hapa Mikindani. Jioni ile friza ilikuwa na kilo 40 za changu na pweza. Umeme ukakatika, ukarudi baada ya nusu dakika, ukakatika, ukarudi tena. Friza ikanguruma, tik, kimya. Nikajua itawaka tu, nikaenda kulala. Alfajiri nikakuta maji sakafuni, na kompresa imechemka haishikiki. Fundi akapima, akanionyesha: koili ya ndani imeungua. Faida yangu ya miezi miwili ikaishia kwenye kompresa mpya.

Fundi yule ndiye aliyenifungua macho. Kompresa ikiwa kazini, inasukuma gesi upande mmoja wa mabomba, presha inapanda huko, upande wa pili inabaki ndogo. Ikizimika, gesi hupenya polepole kwenye kamrija kembamba mpaka pande zote zilingane, na hiyo huchukua dakika 3 hadi 5. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inatakiwa kuanza huku presha inaikaba. Haizunguki, lakini inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Ule mlio wa tik ni kilinzi chake kinachokata umeme kwa sababu ya joto. Kikipoa kinaunganisha tena, mateso yanaanza upya.

Kwa hiyo tunaogopa giza la saa nne mfululizo bure. Baada ya saa hizo nne presha imeshalingana yenyewe. Kinachoua friza ni kule kukatika kwa sekunde chache ambako wengi hata hatunyanyuki kitini.

Umeme ukikatika, zima ukutani papo hapo, pamoja na televisheni na redio. Ukirudi, acha taa moja iwe shahidi wako. Dakika za mwanzo umeme huyumba, maana mota za mtaa mzima zinaanza pamoja. Taa ikitulia bila kufifia wala kung'aa kupita kiasi, hesabu dakika 5, washa friza kwanza, televisheni baadaye. Friza iliyofungwa vizuri haiyeyushi samaki kwa dakika 5, jamani! Kama hushindi nyumbani, nunua friji gadi yenye kuchelewesha, ihesabu kwa niaba yako.

Na wewe dada wa Lindi, ukishasubiri, umeme umetulia, na bado inalia tik, usiijaribu tena. Ita fundi, na mwambie apime rilei na kapasita, vifaa vya kuiwashia mota, kwanza, kabla hajakuuzia kompresa.