Tagi hazionekani, lakini zipo: maneno kwa wadogo zangu wa chaneli

Jumatatu nilimwomba kijana wetu mpya anitafutie tagi za video moja ya magofu ya Kilwa Kisiwani, video ya watu wengine iliyokuwa ikipanda vizuri kuliko yetu. Baada ya dakika kumi akaniletea orodha, uso umejaa furaha: video, sharing, camera phone, video phone, free, upload. "Dada, jamaa hawana hata neno Kilwa. Kumbe siri ni kuandika maneno ya jumla." Na alikuwa ameshayabandika yote sita kwenye video yetu ya wavuvi wa pweza wa Mikindani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, maana ni kijana wa tatu ananiletea maneno hayohayo sita, na wa kwanza kabisa kuyaleta nilikuwa mimi. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Hayo maneno sita si tagi za mtu. YouTube yenyewe huyaweka kwenye ukurasa pale mwenye video asipoandika tagi hata moja. Ukiyaona, maana yake ni moja tu: hana tagi. Na hilo lenyewe ni habari, kwa sababu video ile ya Kilwa ilipanda bila tagi. YouTube wanasema wazi kwamba tagi zina mchango mdogo sana katika kupatikana kwa video, na kwamba faida yake kubwa ni pale watu wanapokosea mara kwa mara kuandika jina la kitu. Mfano wetu ni Msimbati: kuna wanaoandika Msimbate, kuna wanaoandika Simbati. Hapo tagi inafaa. Kwingine kote, dakika ishirini unazokaa kufikiria tagi zipeleke kwenye kichwa cha video na picha ya jalada.

2. Namna ya kuziona. Kwenye simu, ndani ya programu ya YouTube, huwezi. Nenda kwenye kompyuta, fungua video kwenye brauza, bonyeza Ctrl+U utokee ukurasa wa maandishi yasiyosomeka, kisha Ctrl+F na uandike keywords. Usiishie kwenye neno la kwanza. Endelea mpaka ukute mstari wenye umbo hili:

```
"keywords":["korosho","mizani","Mtwara"]
```

Hizo ndizo tagi, kwa mpangilio alioziweka mwenyewe. Mstari wa umbo hilo usipokuwepo kabisa, hana. Kwa kategoria tafuta "category": na utasoma jina lake. Ukikuta People \u0026 Blogs usishtuke, hiyo \u0026 ni alama ya & tu. Na ujue kwamba mara nyingi hiyo ndiyo kategoria inayokuja yenyewe mtu asipochagua, kwa hiyo usiniandikie ripoti kwamba "wapinzani wanajipanga kama blogu". Wapinzani hawakugusa kitu.

Mwenye programu ya yt-dlp kwenye kompyuta yake anapata vyote kwa mpigo, bila kupakua video:

```
yt-dlp --print tags --print categories --print location "URL"
```

Ikikuandikia NA kwenye mahali, hakuna mahali palipojazwa.

Kosa moja linawapata hata wazoefu. Ukitoka video moja kwenda nyingine kwa kubofya, YouTube haifungui ukurasa upya, inabadilisha vilivyomo ndani. Anayechungulia kwa zana za brauza badala ya Ctrl+U anaweza kusoma tagi za video aliyotoka. Ndivyo tulivyoambiwa siku moja kwamba mahubiri fulani yana tagi ya singeli. Refreshi kwanza.

3. Sasa, kwa nini zimefichwa. Zamani tagi zilionekana chini ya video, kila mtu akizisoma. Watu wakawa wanazoa tagi za video kubwa na kuzibandika kwenye zao hata kama haziendani, hivyo mwaka 2012 YouTube wakaziondoa machoni mwa watazamaji. Kategoria nayo ilikuwa ikionekana ukifungua maelezo marefu, ikaondolewa baadaye, na sidhani kama kuna mtazamaji aliyeilalamikia. Mahali pana sababu yake: ni hiari ya mwenye video, na wengi hawajazi.

Lakini angalia neno nililotumia: machoni. Hawakuziondoa kwenye ukurasa. Na hapa ndipo nina deni la kuwaeleza jambo ambalo kwa miaka kadhaa nilikuwa nalizunguka.

Ilikuwa msimu wa korosho wa 2019. Kibarua mmoja wa ghala, katika kijiji cha upande wa Newala, alikubali kunieleza namna kilo za wakulima zinavyopungua kati ya mizani ya kwanza na ya pili. Sharti lake lilikuwa moja, asijulikane. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Tulirekodi jioni jikoni kwa shemeji yake, taa nyuma yake, uso kivuli kitupu. Sauti nikaishusha. Kulikuwa na kanga ukutani yenye maneno, nikaitoa ili isitambulike. Kwenye kuhariri nilikata hata sekunde nne ambazo jogoo aliwika na yeye akamwita mtoto kwa jina. Sehemu ya mahali kwenye Studio niliiacha wazi, tena kwa kujivunia: hapa hawanipati.

Kisha nikajaza tagi. Korosho, mizani, Mtwara, kangomba. Halafu jina lake. Jina analoitwa pale kijijini, na jina la kijiji.

Mnaniuliza kwa nini. Kwa sababu wakati ule tagi nilizitumia kama karatasi unayogandisha kwenye kanda ili ujue nani yumo ndani. Nilikuwa na video nyingi za vivuli na sauti nzito, na baada ya miezi miwili huwezi kukumbuka nani ni nani. Tagi hazionekani, nikajua ni daftari langu. Nilikuwa nimeshazoa tagi za wengine kwa Ctrl+U zaidi ya mara mia, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba na zangu zinazolewa vilevile.

Siku ya tatu usiku akanipigia. "Dada, umeniweka kwa jina langu." Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe, kwamba video nimeitazama mwenyewe mara sita na jina lake halimo popote, labda kuna mtu amemtambua kwa mwendo wa kuongea. Akasema hapana, limeandikwa, kuna picha inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Nikamwambia anitumie. Ilikuwa picha ya skrini, maandishi madogo yasiyosomeka, na katikati mtu amezungushia wino mwekundu mstari unaoanza na "keywords". Kijana wa chuo aliyekuwa likizo pale kijijini ndiye aliyeutoa, na naambiwa hakuwa na nia mbaya, alikuwa anawaonyesha wenzake ufundi.

Nilifuta tagi zile usiku uleule. Ilinichukua nusu dakika. Picha ya skrini iliendelea kuzunguka wiki nzima. Msimu ule hakuitwa tena ghalani, na hakuna aliyemweleza sababu. Nilienda mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza alinikaribisha, tukala ugali na kisamvu, hatukulitaja. Mara ya pili mkewe alitoka mlangoni akasema hayupo, na viatu vyake vilikuwa pale kizingitini.

Kwa hiyo mnaponisikia napiga kelele juu ya tagi, si kwa ajili ya watazamaji.

4. Mahali kuna aina mbili na msizichanganye. Kuna mahali ambapo mtu amejaza kwa mkono kwenye Studio, na kuna nukta za GPS ambazo simu inaziandika ndani ya faili wakati wa kurekodi. Aina ya kwanza ni maneno ya mwenye video, anaweza kuandika anachotaka. Wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, mlinikimbilia na video ya barabara iliyomezwa na maji, mahali pamejazwa Mtwara, mkataka tuirushe. Magari yalikuwa yanapita kulia. Sisi tunapita kushoto, na ndugu zetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma nao ni kushoto. Sehemu ya mahali ilidanganya, barabara haikudanganya.

Aina ya pili hamtaipata kwenye video mliyopakua YouTube, hata mkeshe nayo. YouTube huitengeneza upya kila video inayopokea, na mnachopakua ni nakala yao, nukta za simu hazimo. Ziko kwenye faili halisi. Ndiyo maana faili halisi ndiyo ya kuogopa: ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na nukta zinapotea, ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, inakwenda na nukta zake zote mpaka mlango wa nyumba. Kabla ya kutuma, ikague kwa programu ya exiftool:

```
exiftool "-GPS*" video.mp4
```

Ikitoa latitudo na longitudo, usitume. Na kwenye kamera ya simu ya kazi, zimeni kuhifadhi mahali leo, si kesho.

5. Utaratibu wa video yenye mtu tunayemficha. Pakia kama Unlisted. Kwenye Private hutaweza kuijaribu kwa macho ya mgeni. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha, bila akaunti yetu. Ctrl+U. Ctrl+F. Andika jina lake, kisha jina la utani, kisha kijiji, kisha jina la shemeji kama tulirekodi kwake. Hapo utakuwa umepita kichwa, maelezo na tagi kwa pamoja. Komenti hazimo kwenye ukurasa huo, zinakuja baadaye, kwa hiyo zifunge au zisimamie mwenyewe. Jina la faili nalo libadilishe kabla ya kupakia, kwa sababu usipoandika kichwa, jina la faili ndilo linakuwa kichwa.

Jana jioni umeme ulikuwa umerudi, nikamkuta kijana wa Kilwa na zile tagi sita ameinama kwenye kompyuta. Video ya mama mmoja wa Lindi, uso kivuli. Ameandika jina, akasubiri. Pembeni ya kisanduku ikatokea 0/0. Akaandika kijiji, 0/0. Akaandika jina la utani, kisha akanigeukia akauliza kama mama yule huwa anaitwa pia kwa jina la mwanawe wa kwanza. Sikuwa nimelifikiria. Nikampigia mama simu kumuuliza.