Mionzi ya kukata damu tu?

"Mamdogo ana kansa ya shingo ya kizazi, mbona wanampa mionzi ya kukata damu tu, si ya kuponya?"

Pole sana ndugu. Wengi wanaanza na damu baada ya tendo au damu inarudi wakati hedhi ilishakoma, haiumi, wanaona aibu kusema, wakienda dispensari wanapewa dawa za yutiai bila hata kuangaliwa ndani, miezi inakatika. Ikikutwa bado ndogo inakatwa inaisha, na hata ikisogea pembeni bado mionzi ya wiki kama 5 hivi pamoja na dawa za kemo inaweza kuponya. Ikishafika mapafuni au kwenye ini ndo wanatoa dozi chache, damu ikate na maumivu yapungue. Muulizeni daktari imefika wapi na figo zikoje. Kama halali usiku kwa maumivu ombeni morfini, msisubiri.