Barua kwa mwanangu: utakapoambiwa "Una swali lolote kwetu?"

"Mama, wiki ijayo nina usaili wa kazi ya kusimamia stoo ya shirika la misaada huko Arua. Mwisho wakiniambia 'una swali lolote kwetu?', niulize nini ili nisionekane mtu asiye na la kusema, na mimi pia nijue ni kazi gani ninayoiingia?"

Jinja

Mwanangu mpendwa Zaituni,

Nimeipokea barua yako, nami nakujibu mapema ili upate siku za kuyatafakari haya. Katika miaka niliyokaa upande wa pili wa meza, nikiwa ofisi ya utumishi ya kiwanda, niliwasikia waombaji wengi wakifika hapo na kuuliza, "Mazingira ya kazi yenu yakoje?" Nasi tulijibu kila mara kwamba hapa kwetu tunaishi kama familia. Mwombaji alitabasamu, tukaagana, na hakuna aliyejua jambo jipya. Swali la namna hiyo halina ubaya wowote, ila linamruhusu msaili kujibu bila kufikiri. Wewe uliza juu ya jambo lililokwisha kutokea, au jambo litakalofanyika siku fulani na mtu fulani, kwa sababu hapo atalazimika kusema habari yenyewe.

Anza na nafasi yenyewe. Uliza, kwa adabu na bila haraka: "Nafasi hii ni mpya, au kuna mtu aliyekuwa akiishika?" Wakisema ni mpya, jua kwamba majukumu yake bado hayajakaa sawa, na ufuatishe swali la nani alikuwa akiifanya kazi hiyo hadi leo, kwa kuwa huyo ndiye mtakayegongana naye juu ya mipaka. Wakisema kuna aliyeondoka, usiulize kwa nini aliondoka, maana utaonekana mpekuzi nao watakupa jibu la kufunika. Uliza hivi: "Katika kazi alizoziacha, ni ipi mngependa ishughulikiwe kwanza?" Swali hili linakuonyesha kuwa umekwisha kujiweka kazini, na papo hapo linafungua kabati. Mkubwa wa stoo akikuambia kwamba kadi za stoo hazijalinganishwa na leja kwa miezi kadhaa, au kwamba hesabu ya mwisho wa mwaka haikufanyika, basi umeijua hali ya stoo kabla hujashika ufunguo wake. Tazama pia nyuso zao. Wakitupiana macho wakisubiriana nani aseme, hilo nalo ni jibu, ingawa si la kukimbilia kulitafsiri vibaya; pengine ni kwamba tu mmoja wao ni mgeni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa kazi yako ni ya stoo, na stoo ina jambo ambalo mwombaji mwenye ujuzi haliachi. Jambo hilo ni makabidhiano. Tuseme leja inaonyesha mablanketi 400. Siku yako ya kwanza unapewa karatasi, unaambiwa utie sahihi kwamba umepokea mablanketi 400, na kwa kuwa wewe ni mgeni na watu wanakusubiri, unatia. Baada ya miezi miwili anakuja mkaguzi, anahesabu rafuni, anakuta 372. Kwa karatasi, yale 28 yamepotea mikononi mwako, hata kama yalitoka mlangoni mwaka mmoja kabla hujaitwa kwenye usaili. Ndiyo maana swali lako la pili, nalo ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu, liwe hili: "Makabidhiano ya stoo hufanywaje hapa kwenu, na je, anayepokea na anayekabidhi huhesabu vitu pamoja kabla ya kutia sahihi?"

Msikilize atakayejibu. Jibu zuri lina watu na hatua ndani yake: kwamba aliyekuwapo bado yupo na atakaa nawe kwa siku kadhaa, kwamba mtu wa fedha au mkaguzi wa ndani huwa shahidi, kwamba upungufu ukionekana huandikwa kwenye ripoti ya makabidhiano na kutiwa sahihi na wote, na vitu vilivyoharibika hutengwa peke yake. Jibu la kukutia wasiwasi ni lile la "usijali, utakuta kila kitu kiko kwenye kompyuta." Kompyuta inaonyesha kilichoingizwa ndani yake, haioni kilichopo rafuni. Ukipata jibu hilo usibishane nao. Sema tu, "Asante. Kama mtanichukua, nitaomba tuhesabu pamoja kwanza." Mkubwa anayeijua kazi ya stoo atafurahi kusikia hivyo, na ambaye hatafurahi amekupa habari uliyoihitaji.

Kumbuka pia kwamba mezani watakuwapo watu zaidi ya mmoja, na kila mmoja anajua lake. Swali la makabidhiano lielekeze kwa yule atakayekuwa mkubwa wako wa kazi. Ukimuuliza ofisa utumishi atajibu kwa kukisia, na yule mwenye jambo atakaa kimya. Ofisa utumishi muulize mambo ya kipindi cha majaribio, na usimuulize ni cha muda gani, kwani hilo litaandikwa kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya hapa Uganda ya mwaka 2006 inakiwekea kipindi hicho kikomo cha miezi 6, na hakiwezi kurefushwa, kwa miezi mingine isiyozidi 6, bila wewe kukubali. Katika muda huo mwajiri anaweza kuuvunja mkataba kwa kukupa taarifa ya siku 14, au kwa kukulipa mshahara wa siku 7 badala ya taarifa. Kwa kuwa mlango huo uko wazi kiasi hicho, kilicho muhimu kwako ni kujua watakupima kwa nini. Basi muulize: "Miezi mitatu ya kwanza ikiisha, mtatazama mambo gani ili mjue kwamba kazi inaenda vizuri, na ni nani atakayekaa nami kunieleza?" Akikutajia vitu vinavyohesabika, kama vile ripoti ya stoo kufika kila mwisho wa mwezi au hati za kutolea mizigo kutokuwa na pengo, una pa kushika. Akisema wanataka mtu mchapakazi na mwaminifu tu, muombe kwa upole mfano mmoja wa jambo ambalo mfanyakazi aliyefaulu alilifanya.

La nne ni la mkuu wa mradi, nalo linahitaji ulimi laini. Kazi nyingi za huko, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, hutegemea fedha za wafadhili, na mradi ukifungwa nafasi hufungwa nao. Ukiuliza, "Je, kazi hii ni ya kudumu?" utaonekana unaogopa, na jibu litakuwa kwamba inategemea. Uliza badala yake: "Mradi unaolipia nafasi hii umepangwa kuendelea hadi lini, na uliopita ulipoisha wafanyakazi wa stoo walifanyiwa nini?" Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inauliza yaliyotokea. Shirika lililowahamishia watu wake kwenye mradi mwingine litakuambia kwa fahari. Lililowaaga wote litazunguka kidogo, nawe ukipewa kazi utaichukua ukijua kwamba unakodi nyumba kwa miezi mingapi. Kama tangazo halikusema, ongeza hapo hapo iwapo kituo chako cha kazi ni Arua mjini au ni ndani ya makazi, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua utalala wapi na usafiri utakula kiasi gani cha mshahara.

Usiyaulize haya yote. Yaandike matano katika daftari dogo, uende nalo, na uulize mawili, au matatu kama unaona bado wana nafasi. Mengine yatakuwa yamejibiwa katikati ya mazungumzo, na hakuna kinachomshusha mwombaji kama kuuliza jambo lililoelezwa dakika kumi zilizopita. Lililojibiwa nusu ndilo tamu zaidi: "Mheshimiwa, mlisema awali kwamba magari huchelewa wakati wa mvua, mzigo ukifika usiku, ni nani anayeruhusiwa kuupokea?" Hapo wanajua kwamba ulikuwa ukisikiliza. Usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yafanyie mazoezi kwa sauti mbele ya dada yako, na maswali yawe mafupi kuliko nilivyoyaandika mimi hapa.

Juu ya mshahara, duru ya kwanza uache mpaka wao wenyewe waufungue. Wakikupa kazi ndipo uulize kama kiasi walichokitaja ni kabla ya makato au baada yake, maana tofauti si ndogo. Kwa mshahara wa shilingi 1,000,000 kabla ya makato, mchango wako wa NSSF wa asilimia 5 ni shilingi 50,000, na kodi ya mapato inakatwa pia, ilhali mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10 kutoka kwake, yaani shilingi 100,000, bila kuigusa fedha yako. Shirika likikuambia kwamba ni dogo mno kuchangia NSSF, usikubali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 mwajiri anawajibika hata akiwa na mfanyakazi mmoja.

Kama siku nyingine utaitwa na tume ya utumishi ya wilaya, mambo haya yapunguze sana. Pale wasaili hufuata karatasi ya alama, foleni ya waombaji ni ndefu, na mara nyingi mwenyekiti huuliza kama una swali kwa heshima tu. Swali moja juu ya lini na kwa njia gani majibu yatatolewa linatosha.

Swali hilo la majibu, hata huko Arua, liwe la mwisho, nalo liwe na tarehe ndani yake: "Mnatarajia kufikia uamuzi lini, na nikiwa sijasikia hadi siku hiyo niwasiliane na nani?" Ukipewa jina na siku, andika papo hapo mbele yao. Kisha ukitoka, kabla hujapanda boda boda, kaa mahali penye kivuli uyaandike majibu yao kwa maneno yao wenyewe, hasa yale ya makabidhiano, kwa sababu siku utakayowekewa ile karatasi ya stoo mbele yako utataka kuwakumbusha walichokisema.

Niandikie ukishatoka, uniambie walijibu nini kuhusu kuhesabu pamoja. Baba yako anakusalimu, na anasema usisahau vyeti vyako halisi.

Ni mimi mama yako.