Bosi anayekufuatilia peke yako: usimamizi unaishia wapi?

"Wakuu, tangu nirudi likizo bosi ananidai taarifa ya kila ninachofanya, hadi dakika za kunywa chai ananihesabia. Wenzangu hawaguswi. Nikilalamika najibiwa kwamba kunisimamia ndiyo kazi yake. Nitajuaje kama ni usimamizi kweli au ananitafutia sababu?"

Ndugu, nimewahi kukaa katika kiti hicho nikiwa mhasibu kwenye kitengo kidogo, na kwa uzoefu wangu wingi wa ukaguzi peke yake haukupi jibu. Ziko kazi ambazo kila hatua hukaguliwa na hakuna anayeonewa. Malipo yetu yote, kwa mfano, yalihitaji saini ya mtu wa pili kabla ya kwenda benki, na utaratibu huo ulimbana mkuu wa kitengo kama ulivyombana karani. Jambo la kuangalia ni kama ufuatiliaji huo una sababu inayotajika, una kiwango unachoweza kukifikia, na una siku ya kupungua.

Nilibahatika, kama hilo ni neno sahihi, kuziona hali zote mbili chini ya bosi yuleyule. Mwenzangu mmoja aliwahi kulipa ankara moja mara mbili. Aliandikiwa barua iliyotaja kosa lenyewe na kueleza kwamba kwa mwezi mmoja hati zake zote za malipo zitapitiwa na mhasibu mwandamizi, mwezi wa pili zitapitiwa nusu, na baada ya hapo atakaguliwa kwa sampuli kama sisi wengine. Hakuifurahia, lakini kila hati iliyorudishwa kwake ilikuja na maelezo ya kilichokosewa, na muda ulipokwisha ukaguzi ukapungua kama ulivyoahidiwa. Huo ni usimamizi, hata kama ulimkera.

Yangu yalianza baada ya kukataa kusaini hati ya malipo ambayo haikuwa na ankara. Hakuna aliyenigombeza. Yalikuja maagizo, moja baada ya jingine, na yote ya mdomo: nitume barua pepe kila nusu saa kueleza ninachofanya, nimpe nakala ya kila ninachomwandikia mteja, niombe ruhusa kabla ya kuinuka mezani. Barua ya kumkumbusha mteja deni ilirudi imezungushiwa kalamu nyekundu palipoandikwa "tafadhali", kwamba nabembeleza. Nilipoliondoa ikarudi tena, safari hii kwa maelezo kwamba lugha yangu ni kali. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne.

Hapa ndipo penye kiini cha mchezo huu, na wengi hawapaoni mapema. Kwa siku ya saa 8, taarifa ya kila nusu saa ni taarifa 16, na ukitumia dakika 5 kuandika kila moja umekwishapoteza saa 1 na dakika 20. Usuluhishi wa hesabu za benki ni kazi ya kulinganisha mstari kwa mstari taarifa ya benki na daftari la fedha, na anayekatizwa katikati mara nyingi hulazimika kurudi alikoanzia. Usuluhishi wangu ukaanza kuchelewa, kisha nikapokea barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini nachelewa. Ufuatiliaji wenyewe ulizaa kosa, ukalirekodi, na kosa hilo likawa sababu ya kuongeza ufuatiliaji. Ukiona mzunguko wa namna hiyo, usijichoshe kwa kutafuta bidii zaidi, kwa sababu bidii haiwezi kuufikia utaratibu unaojilisha wenyewe.

Nilichofanya, na ninachokushauri, ni kuuliza kwa maandishi na kwa adabu. Nilimwandikia kwamba nimepokea maagizo haya na haya, nikayataja, kisha nikaomba kujua ni upungufu gani yanalenga kuurekebisha, ni kiwango gani nikikifikia yatapungua, na yatapitiwa upya lini. Nilionyesha pia kazi inayochelewa kwa sababu ya taarifa hizo, nikamwomba achague kipi kitangulie. Bosi anayesimamia kweli atakujibu, pengine kwa hasira kidogo, lakini atataja kosa na tarehe. Anayekuchosha hukwepa, hukuambia unabisha, au hukupa kiwango leo na kukihamisha keshokutwa. Mimi nilijibiwa kwa mdomo kwamba mfanyakazi mwaminifu haulizi maswali ya aina hiyo, nami nikamwandikia tena kuthibitisha kwamba hilo ndilo jibu nililopewa.

Sambamba na hilo, weka kumbukumbu katika jedwali siku ileile jambo linapotokea. Andika tarehe, agizo kwa maneno yake, nani alikuwepo, ulitekeleza vipi, lilikula muda gani, na kama wenzako wa cheo chako walipewa agizo hilo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo watu huisahau kwa sababu wanashughulika kuandika walivyoumia. Niliyempelekea jedwali langu katika ofisi ya rasilimali watu hakuuliza lolote kuhusu hisia zangu. Aliuliza kwa nini agizo la kuomba ruhusa ya kuinuka lilimhusu mtu mmoja tu katika chumba kizima. Maagizo ya nusu saa yalifutwa, ingawa uhusiano wetu haukurudi kuwa mwema, na baadaye nilihamia kitengo kingine kwa ombi langu.

Uwe mwangalifu na hali mbili zinazofanana na hii. Ikiwa bosi wako anawabana wote kwa namna hiyo, una msimamizi mbovu, na dawa yake ni malalamiko ya pamoja kuliko dai kwamba unalengwa. Na ikiwa uko kwenye kipindi cha majaribio, au kuna kosa halisi lililotajwa kwa maandishi, kubanwa kwa muda ni haki ya mwajiri, na ukilalamika mapema mno utaonekana unakimbia kupimwa.

Huna haja ya kuthibitisha nia yake moyoni. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unahesabu kuwa unyanyasaji hata mwenendo usiokubalika unaosababisha, au unaoelekea kusababisha, madhara ya kisaikolojia au ya kiuchumi, bila kusubiri hadi ionekane kwamba yalikusudiwa. Mkataba huo huzifunga nchi zilizouridhia, hivyo angalia kama yako imo, na angalia pia kanuni za utumishi za mwajiri wako, maana mara nyingi zina kifungu cha malalamiko kinachotaja hatua na muda wa kujibiwa.

Nakala ya jedwali lako ihifadhi nje ya ofisi, lakini usiondoke na nyaraka za wateja wala usijitumie kwenye barua pepe binafsi, kwa sababu utakuwa umempa kosa la kweli aliyekuwa akilitafuta. Na usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira. Kumthibitishia mwamuzi kwamba ulilazimishwa kuondoka ni kazi ngumu kuliko kupinga kufukuzwa, na muda wa kufungua shauri la kazi kwa kawaida ni mfupi, kwa hiyo onana na chama cha wafanyakazi au wakili kabla ya kusaini chochote.